Mkia Usiojua Kwamba Paka Amesimama

Paka akiruka kutoka ukutani, miguu ya mbele hufika chini kwanza, kisha ya nyuma, kisha mwili wote unatulia. Mkia bado. Unaendelea kushuka, unapitiliza, unarudi juu kidogo, na baadaye ndipo nao unapokubali kwamba safari imekwisha. Aliyekaa barazani haoni ajabu yoyote hapo. Lakini paka huyohuyo akiwekwa kwenye gemu ya simu, mkia wake ukasimama sawia na mwili kama kijiti kilichogundishwa, hata mtoto mdogo atahisi kuna kitu hakiko sawa, ingawa hataweza kukitaja.

Wachoraji wa katuni walikijua kitu hicho zamani. Frank Thomas na Ollie Johnston, waliofanya kazi miaka mingi katika studio ya Disney, walikieleza katika kitabu chao cha 1981, The Illusion of Life, kikiwa miongoni mwa kanuni 12 za kuwapa uhai wahusika wa katuni. Kiwiliwili kikisimama, vilivyoning'inia juu yake huendelea na mwendo: masikio, mkia, nywele, pindo la gauni. Na kila kimoja husimama kwa wakati wake. Kwenye karatasi mchoraji aliuchora mkia huo kwa mkono, picha baada ya picha. Kwenye gemu hilo haliwezekani, kwa kuwa hakuna ajuaye mchezaji atampeleka paka wapi. Inabidi mkia ujihesabie wenyewe palepale, mara 60 kila sekunde.

Hesabu yenyewe ni kongwe kuliko kompyuta. Mwaka 1678 Mwingereza Robert Hooke alichapisha maelezo ya kanuni inayobeba jina lake hadi leo: springi huvuta kurudi kwake kwa nguvu inayolingana na urefu ilivyovutwa. Ukiivuta mara mbili, nayo inakuvuta mara mbili. Tatizo ni kwamba springi tupu haijui kutulia. Ikirudi mahali pake huwa imeshapata mwendo, basi inapita, inavutwa tena, inapita upande wa pili, na kama hakuna kinachoipunguza itacheza hivyo milele.

Kinachoipunguza kila abiria wa daladala anakijua, hasa pale kinapokuwa kimekufa. Gari lenye shokapu nzima likipanda tuta hunesa mara moja na kutulia. Lenye shokapu zilizokwisha linaendelea kudundadunda hadi kituo kinachofuata. Shokapu haijali springi imevutwa kiasi gani. Inachokipinga ni kasi. Kitu kikienda mbio inakizuia sana, kikienda polepole inakizuia kidogo, na kikisimama haina kazi. Mkia wa paka kwenye gemu ni springi moja na shokapu moja, na kwa lugha ya programu zote mbili zinaenea katika mistari mitatu:

```
a = -k * (x - lengo) - c * v
v = v + a * dt
x = x + v * dt
```

Hapa `x` ni mahali ncha ya mkia ilipo, na `lengo` ni pale ambapo ingekuwa kama mkia ungekuwa kijiti. `v` ni kasi yake. `k` ni ugumu wa springi, `c` ni ukali wa shokapu, na `dt` ni muda uliopita tangu picha iliyotangulia, yaani fremu iliyopita. Uzito wa mkia hauonekani kwa sababu umeshamezwa ndani ya `k` na `c`. Mstari wa kwanza unauliza ncha inasukumwa vipi, wa pili unabadilisha kasi, wa tatu unasogeza ncha. Basi.

Mtu anayeanza huweka `k` na `c` kwa kubahatisha, na hapo ndipo jioni nzima inapopotelea. Akiongeza `k` ili mkia uwe mwepesi, unaanza kutikisika kupita kiasi. Akiongeza `c` ili autulize, unakuwa mzito kama umelowa. Namba hizo mbili zimefungamana, na moja haishikiki bila kuigusa nyingine. Wazoefu huzificha nyuma ya namba mbili nyingine zenye maana kwa jicho la mtu: `f`, yaani mkia ukiachwa utacheza mara ngapi kwa sekunde, na `z`, yaani unafifia upesi kiasi gani.

```
w = 2 * pi * f
k = w * w
c = 2 * z * w
```

`z` ikiwa 0, mkia hautulii kamwe. Ikiwa 1, unarudi upesi iwezekanavyo bila kupitiliza hata kidogo, mwendo unaofaa sana kamera inayomfuata mchezaji lakini mbovu kwa mkia, maana mkia usiopitiliza unaonekana kama mlango wenye springi. Uhai uko katikati. Kwa manyoya na mikia, `z` ya 0.2 hadi 0.4 ni pazuri pa kuanzia. Kofia ngumu au hereni nzito inaweza kupanda zaidi ya hapo.

Tuchukue mkia mmoja tuuangalie kwa karibu. `f` ni 2, `z` ni 0.3. Hesabu inatoa `k` ya karibu 158 na `c` ya karibu 7.5. Mchezaji ameushika mkia kwa kidole, ameuvuta sentimita 10 kando, ameuachia. Gemu inakwenda fremu 60 kwa sekunde. Katika fremu ya kwanza ncha inavutwa, lakini ndiyo kwanza inaanza kupata kasi, hivyo inasogea chini ya nusu sentimita na kubaki kwenye 9.6. Fremu ya pili inaikuta tayari inakwenda, nayo inafika 8.8. Ya tatu, 7.7. Kila hatua ni ndefu kuliko iliyotangulia, na kuanza huko polepole ndiko jicho linakosoma kuwa ni uzito. Baada ya robo sekunde ncha imeshavuka mahali pake na kwenda upande wa pili kwa zaidi kidogo ya sentimita 3.5. Robo sekunde nyingine, imerudi upande wa kwanza kwa kama sentimita 1.3. Kisha nusu sentimita. Baada ya hapo hakuna anayeona tena.

Mkia huohuo, `z` ikishushwa hadi 0.1, unapitiliza zaidi ya sentimita 7 mara ya kwanza. Huyo si paka tena, ni antena ya gari.

Kisa cha kidole ni chepesi kwa sababu paka amesimama. Akianza kukimbia, jambo zuri linatokea lenyewe. `lengo` linakwenda mbele pamoja na mwili, na shokapu, ambayo hapa inapinga kasi ya ncha katika dunia nzima ya gemu, inafanya kazi ya upepo. Kwa namba zetu, paka akikimbia mita 2 kwa sekunde, ncha inabaki nyuma kwa kama sentimita 9.5 na kukaa hapo muda wote wa mbio. Akisimama ghafla, ncha bado ina kasi ile. Inapita mbele kwa sentimita nane au tisa, inarudi nyuma kama tatu, inatulia. Hakuna mtu aliyeuchora mwendo huo. Kuna watengenezaji wanaopendelea shokapu ipime kasi ya ncha dhidi ya mwili badala ya dunia. Kwao mkia haubaki nyuma katika mbio za kasi moja, unashtuka tu paka anapoanza na anaposimama. Hiyo inafaa tumbo la mhusika mnene au mkoba mgongoni, lakini mkia na nywele bila upepo huonekana kama viko ndani ya chumba kilichofungwa.

Mpaka hapa kila kitu ni kizuri, na kila kitu kinafanya kazi kwenye kompyuta ya aliyekiandika. Balaa inaanza gemu inapotua kwenye simu ya bei nafuu.

Rudi kwenye ile mistari mitatu, uitazame ya pili na ya tatu. Kasi inabadilishwa kwanza, kisha ncha inasogezwa kwa kasi mpya. Mtu akiigeuza, akasogeza ncha kwa kasi ya zamani kisha ndipo abadilishe kasi, programu haitalalamika. Itaendesha vizuri tu. Lakini kila hatua sasa inaongeza nguvu kidogo ambayo springi halisi haina, kwa sababu ncha inatembea kwa habari iliyopitwa na wakati. Kama shokapu ni kali, inaila nguvu hiyo ya bandia na hakuna anayejua. Kama ni laini, nguvu inazidi.

Tuchukue mkia wa `f` 2 na `z` 0.1 wenye mistari iliyogeuzwa. Kwa fremu 60 kwa sekunde, mchezo wake unakua kwa kama asilimia 6 kila sekunde badala ya kufifia. Ofisini mtu atasema mkia "una uhai sana" na kuendelea na mambo mengine. Simu inayotoa fremu 30 inaufanya mchezo ule ukue karibu mara nne kila sekunde. Ndani ya sekunde tatu au nne mkia uko nje ya kioo. Mistari ikirudishwa katika mpangilio wake, hesabu ileile inatulia kwa fremu 60 na kwa 30 pia. Hakuna kilichoongezwa wala kupunguzwa, ila mistari miwili imebadilishana nafasi.

Mpangilio sahihi nao una mpaka wake. Simu ikipokea ujumbe, au gemu ikipakia picha kubwa, fremu moja inaweza kuchukua sekunde 0.2. Mkia wetu wa kwanza, ule wa `z` 0.3, ukiwa umevutwa sentimita 10 wakati huo, utafanya hesabu yote kwa hatua moja: kasi ya sentimita 316 kwa sekunde mara sekunde 0.2, yaani sentimita 63. Kutoka 10 upande mmoja ncha inarukia 53 upande wa pili. Springi halisi ingekuwa imeshavuka mahali pake na kuanza kupunguza mwendo njiani, lakini programu haikupewa nafasi ya kuyaona hayo. Dalili yake ni rahisi kuitambua: mkia uko sawa siku nzima, ila unapasuka mara moja kila gemu inapokwama.

Dawa ni kuikatakata sekunde hiyo 0.2 katika vipande vidogo vilivyo sawa, na kuuhesabu mkia kwa kila kipande:

```
akiba = min(akiba + dt, 0.1)
while akiba >= hatua:
    sogeza_mkia(hatua)
    akiba = akiba - hatua
```

`hatua` ikiwa 1/120, mkia huhesabiwa mara mbili kwa kila fremu ya simu nzuri na mara nne kwa ya simu dhaifu, lakini mwendo ni uleule kwa wote wawili. Ile 0.1 ni kikomo: muda unaozidi hapo unatupwa. Bila kikomo simu iliyochelewa ingelazimika kuhesabu vipande vingi, ingechelewa zaidi, ingedaiwa vipande vingi zaidi, na mwisho ingeganda kabisa.

Kuna njia ya mkato inayopendwa sana ambayo inafaa itajwe kwa ubaya wake. Badala ya `c`, mtu anaandika `v = v * 0.9` kila fremu. Inavutia kwa ufupi. Lakini 0.9 hiyo inapigwa mara 60 kwa sekunde kwenye simu moja na mara 30 kwenye nyingine, hivyo baada ya sekunde moja ya kwanza imebakiza sehemu mbili tu katika elfu za kasi, ya pili sehemu 42. Paka ni yuleyule, ila kwa mchezaji mwenye simu dhaifu mkia unayumba kama bendera. Anayeupenda ufupi huo aandike `v = v * exp(-c * dt)`, na ufifiaji utafuata saa badala ya kufuata idadi ya picha.

Mkia wa ncha moja, hata hivyo, bado ni fimbo inayonesa. Mkia wa kweli umeungwa kwa vipande, na ndani ya gemu vipande hivyo huitwa mifupa, tuseme sita vilivyofuatana kama punje za tasbihi. Kila mfupa una springi yake, na `lengo` lake halitoki kwenye mwili bali kwenye mfupa ulio mbele yake. Wa kwanza unafuata kiuno, wa pili unafuata wa kwanza uliokwisha kuchelewa, wa tatu unafuata wa pili uliochelewa zaidi. Ucheleweshaji unajilimbikiza, na matokeo yake ni wimbi linalotembea toka shinani hadi nchani. Shinani springi huwa ngumu, labda `f` ya 4, nchani inalegea hadi 1.5, kama mkia wenyewe unavyokonda. Baada ya kila springi kufanya kazi, mfupa hurudishwa kwenye urefu wake: mwelekeo unabaki ule springi ilioutoa, urefu unabaki ule wa asili. Ukisahau hatua hiyo mkia unavutika kama mpira wa manati kila paka anapokata kona.

Makosa mawili huwapata karibu wote katika mnyororo huu. La kwanza ni la zamu. Mwendo uliochorwa na wasanii lazima uwekwe kwanza kwenye mifupa, springi zifuate baadaye. Zikitangulia, mwendo uliochorwa unakuja na kufuta kila zilichofanya, na mkia unasimama kama kijiti ilhali namba zote ndani ya programu zinaonekana zikibadilika. La pili linatokea paka anapohamishwa, kwa mfano akifa na kuanza upya mwanzoni mwa ngazi. Mwili unafika kufumba na kufumbua. Ncha inakumbuka bado iko mita 50 huko nyuma, na springi inaamka kuivuta kwa nguvu zote. Kwa fremu kadhaa mkia unaruka huku na huku kama umepigwa shoti, na ule ambao urefu wake haukufungwa unakatiza dunia nzima. Siku ya kuhamisha mhusika, `x` ya kila mfupa iwekwe sawa na `lengo` lake na `v` irudishwe 0.

Nywele huenda kwa njia hiyohiyo, ila hakuna anayeweka springi kwa kila unywele. Wahusika wa muundo wa VRM, uliotoka Japani na unaotumiwa sana na watangazaji wanaojificha nyuma ya sura ya katuni, huwa na minyororo michache tu kichwani: mkia wa farasi, ushungi wa mbele, vishada pembeni mwa masikio. Kila mnyororo unabeba kishada kizima. Atakayefungua mipangilio yake atakuta `stiffness`, `gravityPower` na `dragForce`, ambazo kwa aliyefika hapa si wageni: ugumu wa springi, mvuto wa ardhi, na shokapu. Atakuta pia duara zisizoonekana zilizofungwa kichwani na mabegani. Nywele ikiingia ndani ya duara inasukumwa nje hadi juu ya uso wake. Bila duara hizo, kila mhusika anapoinama nywele zinapita katikati ya shingo. Filamu nazo zinakata njia, ila kwa kiwango kingine. Kwa Merida, msichana mwenye nywele nyekundu za mawimbi katika Brave ya 2012, studio ya Pixar iliandika programu mpya ya nywele, maana kishada cha msokoto kikivutwa hunyooka kisha hujisokota tena, jambo ambalo mnyororo wa kawaida haulijui.

Kitambaa ndicho kinachoifikisha springi kwenye ukomo wake. Wazo ni rahisi: chukua kanga, uigawe kwa nukta 10 kwa 10, uziunganishe jirani kwa jirani kwa springi, uongeze za mshazari ili isipinde kama mlango uliolegea, na nyingine zinazoruka nukta moja ili isijikunje ovyo. Kwa nukta 100 tayari kuna springi 502. Idadi hiyo simu inaimudu. Shida ni kwamba kanga haivutiki. Mtu akiishika pembe mbili akaitikisa, pindo linachelewa na kupiga mawimbi, lakini urefu wa kitambaa ni uleule. Springi laini zinaifanya kanga ininginie kama mpira. Zikikazwa, `w` inapanda, na hatua salama ya muda inapungua kwa kiasi kilekile: springi ngumu mara 100 inadai hatua fupi mara 10. Mtengenezaji anabaki kati ya kanga ya mpira na kanga inayolipuka.

Njia iliyoshika katika gemu ilielezwa mwaka 2001 na Thomas Jakobsen, aliyekuwa ameitumia katika Hitman: Codename 47 ya kampuni ya Kidenmaki ya IO Interactive, iliyotoka mwaka uliotangulia. Aliziacha springi ngumu. Kila nukta inakumbuka ilipo sasa na ilipokuwa fremu iliyopita, na tofauti ya hapo ndiyo kasi yake. Kisha programu inapitia kila jozi ya majirani: zikiwa zimeachana kupita urefu wao, zinasogezwa kukaribiana, nusu kwa nusu, na zikibanana zinatanuliwa. Kusogeza jozi moja kunaiharibu iliyo jirani, kwa hiyo orodha inapitiwa tena, mara mbili, tatu, nne, na kila mzunguko kosa linapungua. Hakuna nguvu kubwa popote, hivyo hakuna cha kulipuka. Gharama yake ni kwamba ugumu wa kitambaa sasa unategemea idadi ya mizunguko: mzunguko mmoja unatoa kanga iliyolegea, kumi inatoa turubai, na mtu anayepunguza mizunguko ili gemu iende haraka ataona joho la mhusika likirefuka hadi vifundoni bila kugusa namba nyingine yoyote.